Kabla ya kununua betri au chaja, soma namba zilizo ndani ya simu

Simu ikianza kuzima kabla ya jioni, mwenye simu hukimbilia chaja mpya kwa sababu ni bei nafuu, na fundi hukimbilia betri kwa sababu ndiyo yenye faida. Wote wanabahatisha, na namba wanazozihitaji ziko ndani ya simu hiyohiyo.

Anza na swali moja: shida iko wakati wa kujaa au wakati wa kuisha? Chaja, waya na tundu la chaji vinahusika na kujaa tu. Ukishachomoa simu ikiwa na asilimia 100, chaja haina tena la kufanya, kwa hiyo ikifa saa tano asubuhi usiilaumu chaja. Tatizo ni kwamba watu wengi hawachomoi ikiwa na 100. Wanachomoa na 60 kwa sababu muda wa kutoka umefika, halafu jioni wanasema betri imekufa.

Tuchukue simu ya Android yenye betri ya miliampea-saa 5000, lalamiko likiwa hilohilo: inalala kwenye umeme usiku, asubuhi haijajaa, mchana inaisha. Washa USB debugging kwenye Developer options, kisha kwenye kompyuta yenye programu ya adb, inayoiwezesha kuiuliza simu, andika:

```
adb shell dumpsys battery
```

Kuna mtego hapa unaowapata hata mafundi. Simu ikiwa imechomekwa kwenye kompyuta, inasoma chaji ya kompyuta, wala haisomi chaja yako. Ukitaka kuipima chaja, tumia Wireless debugging (ipo kuanzia Android 11), unganisha simu na kompyuta kwa Wi-Fi, ndipo uchomeke simu ukutani. Majibu yakija hivi, umeshapata pa kuanzia:

```
AC powered: false
USB powered: true
Max charging current: 500000
```

Namba ya mwisho iko kwenye maikroampea, yaani ni miliampea 500 tu. Kwa volti 5 hizo ni wati 2.5. Simu iko ukutani lakini inaamini imechomekwa kwenye kompyuta. Mara nyingi sababu ni waya. Ndani ya waya wa USB wa kawaida kuna nyaya mbili za umeme na mbili za data, na simu huzitumia zile za data kuitambua chaja. Zikikatika karibu na kichwa, pale waya unapokunjwa kila siku, umeme unaendelea kupita lakini simu inajibana isivute zaidi ya miliampea 500. Alama ya chaji inawaka kama kawaida, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Ukiendelea kuperuzi huku skrini inawaka, simu inaweza kutumia karibu yote inayoingia.

Badilisha waya peke yake, kichwa cha chaja kikiwa kilekile, usome tena. Ikija `AC powered: true` na 2000000, umemaliza kazi kwa bei ya waya. Isipobadilika, azima kichwa kingine. Na kama vyote vinakataa, mulika tundu la chaji kwa tochi: vumbi na nyuzi za mfukoni hujishindilia chini hadi kichwa cha waya kisiingie mpaka mwisho. Zima simu, uzitoe taratibu kwa kijiti cha meno cha mti, si kwa sindano. Ziko simu ambazo hazitoi namba ya `Max charging current`, zinaonyesha 0. Kwa hizo tafuta mita ndogo ya USB inayokaa kati ya chaja na waya, usome volti na ampea moja kwa moja.

Sasa betri. Kwenye majibu yaleyale kuna mstari `health: 2`, na wengi wakiuona wanaambiwa betri ni nzima. Hiyo 2 inasema tu kwamba kwa sasa betri haijapata joto kupita kiasi, haijafa na haijazidishiwa volti. Haisemi imebaki na uwezo kiasi gani. Namba ya kutazama ni `Charge counter`. Isome simu ikiwa na asilimia 30, kisha uisome tena ikifika 80. Kwa simu yetu tuseme zimekuja 1340000 na 3540000. Tofauti ni 2200000, gawanya kwa 1000 upate miliampea-saa 2200. Hizo ni nusu ya betri, kwa hiyo betri nzima inabeba 4400, sawa na asilimia 88 ya 5000 zilizoandikwa. Betri hiyo haina sababu ya kutolewa. Ubaya ulikuwa kwenye waya.

Ila angalia: kama kwa 30 simu ilisema 1500000 kamili na kwa 80 ikasema 4000000 kamili, haijapima kitu. Inazidisha asilimia kwa 5000 na kukurudishia jibu. Kwa simu ya namna hiyo hesabu hii haikusaidii.

Wenye iPhone wana kazi nyepesi: Settings, Battery, Battery Health, usome Maximum Capacity. Kuanzia iPhone 15 utaona na Cycle Count. Mzunguko mmoja ni matumizi yanayotimiza asilimia 100, hata kama umetumia 50 leo na 50 kesho, kwa hiyo kuchomeka mara kumi kwa siku si mizunguko kumi. Apple wanasema betri za iPhone 14 kurudi nyuma zimeundwa zibaki na asilimia 80 baada ya mizunguko 500, na za iPhone 15 baada ya 1000, katika mazingira mazuri. Simu ya bodaboda inayoonyesha ramani juani huku imechomekwa kwenye chaji haiko kwenye mazingira hayo. Ndiyo maana mimi siamini idadi ya mizunguko peke yake: mizunguko 300 na uwezo wa asilimia 77 ni betri iliyopikwa na joto, wakati 900 na asilimia 85 inaweza kukufaa bado.

Chini ya asilimia 80, naibadilisha. Juu ya hapo, nabadilisha kwa sababu mbili tu. Ya kwanza ni simu kuzima ghafla ikiwa na 25 au 30, hasa ukifungua kamera yenye flashi. Tazama mstari wa `voltage` wakati huo: ikiporomoka kutoka milivolti 3750 hadi 3300 hivi na kupanda tena ukifunga kamera, betri ina chaji lakini haiwezi kuitoa kwa kasi. Ya pili ni kuvimba. Kioo kikianza kuinuka au mfuniko wa nyuma kuachia, acha kuchaji na usipime chochote.

Ukinunua betri mpya, usidanganywe na kibandiko. Betri ya ukubwa uleule iliyoandikwa 6000 badala ya 5000 ni ya kuogopwa. Ijaze na kuimaliza mara mbili kwanza, maana simu nyingine huendelea kukumbuka vipimo vya betri ya zamani, kisha rudia hesabu ya 30 na 80. Ikitoa 3600, irudishe kwa fundi kabla garantii haijaisha, ukiwa na namba zote mbili mkononi.