Sifuri ya mbele ikidondoka, kilo za mkulima zinahama kitongoji

Namba ya simu ikikosa sifuri ya mbele, kila mtu anashtuka. Ukiona tarakimu tisa badala ya kumi, unajua kuna kitu kimeliwa, unairudisha sifuri na kupiga. Namba ya mkulima haina bahati hiyo. Yenyewe ikiliwa sifuri inaweza kubaki na sura nzuri kabisa, ila ikawa ya mtu mwingine.

Nasema haya kwa sababu ya orodha za korosho ninazoziona kwenye vyama vya msingi vya huku Mtwara, hasa Oktoba inapofika na mizani inaanza kufanya kazi. Makarani wetu wana bidii, wala sina neno nao. Neno langu ni kwa mtindo wa kuichukulia namba ya mkulima kama hesabu, kitu cha kujumlisha na kutoa. Mimi nashikilia kwamba ile si hesabu, ni jina lililoandikwa kwa tarakimu. Hakuna anayejumlisha namba ya mkulima mmoja na ya mwenzake.

Tuchukue chama chenye vitongoji 14. Namba ya mkulima ina tarakimu tano: mbili za kitongoji, tatu za mkulima ndani ya kitongoji hicho. Mkulima wa 23 wa kitongoji cha kwanza ni 01023. Sifuri hizo hazikuwekwa kwa urembo. Bila kujaza nafasi, mkulima wa 23 wa kitongoji cha 1 anaandikwa 123, na mkulima wa 3 wa kitongoji cha 12 naye anaandikwa 123. Ndiyo maana urefu unapaswa kuwa mmoja kwa wote. Kwenye Excel, kitongoji kikiwa safu ya B na mkulima safu ya C, namba inaundwa hivi:

```
=TEXT(B2,"00")&TEXT(C2,"000")
```

Hadi hapo mambo ni shwari. Shida inaanza faili linapohifadhiwa kama CSV, likatumwa kwa WhatsApp, na mwenzako akalifungua kwa kulibofya tu. Excel ikiona 01023 inadhani umeandika hesabu, inaitupa sifuri na kubaki na 1023. Matoleo ya zamani hayaulizi.

Sasa karani wa pili anataka kugawa kilo kwa kila kitongoji. Anachukua tarakimu mbili za kushoto kwa `LEFT(A2,2)`, na zinazofuata kwa `MID(A2,3,3)`. Kwenye 1023 anapata 10 na 23. Kilo za mkulima wa 23 wa kitongoji cha kwanza zimehamia kwa mkulima wa 23 wa kitongoji cha kumi, ambaye naye yupo, ana jina lake na akaunti yake. Namba 01123 ikibaki 1123 inaangukia kitongoji cha 11, kwa mkulima yuleyule wa 23. Kitongoji cha 02 hadi cha 09 wao wana nafuu: 02023 inabaki 2023, kitongoji cha 20 hakipo, `VLOOKUP` yenye `FALSE` mwishoni inarudisha `#N/A` na karani anajua kuna tatizo. Anazirekebisha zile zenye `#N/A`, anafurahi, anafunga kazi. Kitongoji cha kwanza kinabaki kimeharibika bila hata alama moja ya kosa.

Na usitegemee jumla kuu ikuokoe. Jumla ya kilo zote italingana sawasawa na ya ghala, maana hakuna kilo iliyopotea; zimebadilisha mwenyewe tu. Pa kuangalia ni jumla ya kila kitongoji. Ukikuta kitongoji cha 01 hakina kilo hata moja, na cha 10 mpaka cha 14 zimefurika, umeshapata jibu. Kipimo kingine ni urefu. Fomula hii inahesabu seli zote zilizojazwa ambazo hazina herufi tano, na jibu linalotakiwa ni 0:

```
=SUMPRODUCT((A2:A600<>"")*(LEN(A2:A600)<>5))
```

Wengi wakiona sifuri zimetoweka hukimbilia kubadilisha muundo wa seli kuwa 00000. Kwa macho sifuri zinarudi, lakini hilo ni vazi tu. Ndani ya seli bado kuna 1023, `LEN` itakuambia 4, na `LEFT` itaendelea kukupa 10. Dawa ni kuunda safu mpya yenye maandishi halisi, kisha ndiyo uanze kukata:

```
=TEXT(A2,"00000")
```

Uzuri wake ni kwamba hata seli ambayo bado ina 01023 kama maandishi inatoka salama, kwa hiyo unaishusha safu nzima bila kuchagua. Wapo wanaopenda `RIGHT("00000"&A2,5)`. Mimi siipendi. Kitongoji cha 10 hadi cha 14 kikipata mkulima wa 1000, namba inakuwa na tarakimu sita, na `RIGHT` inaikata kimyakimya ili itoshe. `TEXT` inaiacha ndefu, na kile kipimo cha urefu kinaikamata.

Sifuri za mbele zinarudishika kwa sababu moja tu: tunajua urefu uliotakiwa. Namba ya NIDA ni habari nyingine. Ina tarakimu 20, na Excel ikiifanya hesabu inashika 15 za kwanza tu, zilizobaki inazigeuza sifuri. Hapo hakuna fomula ya kukuokoa, urudi kwenye fomu ya karatasi. Iandike na vistari vyake, au ipe safu muundo wa `Text` kabla hujaandika chochote.

Kuna wakati mmoja ambao namba ya mkulima inapaswa kurudi kuwa hesabu kweli: mkulima mpya anapokuja na unataka namba inayofuata. Hapa pana mtego wake. Ukitumia `MAX` juu ya safu ya maandishi, inayapuuza yote na kukupa 0, na mkulima mpya anapewa 001 ambayo ina mwenyewe tangu zamani. Kwenye orodha ya kitongoji kimoja, weka kwanza safu ya pembeni, tuseme D, yenye `=VALUE(RIGHT(A2,3))`, kisha:

```
=TEXT(MAX(D2:D600)+1,"000")
```

Baada ya hapo iache irudi kuwa maandishi. Na ile pembetatu ya kijani kwenye kona ya seli, inayokushawishi ubofye `Convert to Number`, iache ilivyo. Nimeshuhudia mtu akiibofya kwa safu nzima eti anasafisha orodha.

Hayo ni matibabu. Kama daftari la chama bado ni jipya, mimi ningeanza kuhesabu vitongoji kuanzia 11 badala ya 01. Vitongoji 14 vinaishia 24, hakuna sifuri ya mbele ya kupotea, na faili lifunguliwe na nani, namba ni ileile. Najua jibu la wenyeviti: "Kitongoji chetu ndicho cha kwanza, iweje tuitwe 11?" Basi wape 01 yao, ila tangulizeni herufi, iwe K01023, maana Excel ikikuta herufi mbele haiigusi. Herufi hiyo ikae mwanzoni, na isiwekwe E katikati: 01E023 Excel inaisoma kama 1 yenye sifuri 23 nyuma yake.