Nusu alama iliyomwangusha mpwa wangu

"Mjomba, nimepata 34 kwa 60, mbona wameniangusha?" Mpwa wangu alinipigia kutoka Kampala, mimi niko dukani Arua. Ulikuwa mtihani wa kuingia chuo, maswali 60 ya kuchagua, majibu manne kwa kila swali, na alama ya kufaulu asilimia 45.

Yeye aligawa 34 kwa 60, akaona asilimia 56 na ushei. Kumbe maelekezo yalisema kila kosa linakatwa nusu alama, na yeye alikosea 18, akaacha 8. Kumi na nane mara nusu ni 9, na 34 toa 9 ni 25. Gawa kwa 60, unapata asilimia 41.7. Swali lililoachwa halikatwi, lakini bado linahesabiwa katika zile 60. Hugawi kwa 52 ulizojibu.

Nikamuuliza alibahatisha mangapi. Akanong'ona, kama vile mama yake yuko jirani: 24. Sita yalikubali, 18 yakakataa. Hiyo ni robo kamili, kiasi ambacho bahati tupu hutoa penye majibu manne. Alivuna 6, akalipa 9. Angeyaacha yote angebaki na 28, yaani asilimia 46.7, na leo tungekuwa tunazungumzia karo.

Kuna mahali ambapo kubahatisha hakuleti faida wala hasara. Adhabu tuiite a na nafasi yako ya kupata p:

```
p = a / (1 + a)
```

Adhabu ikiwa nusu, p ni theluthi moja. Aliyebahatisha kwa robo yuko chini ya hapo, anakula hasara. Na hapa ndipo ninapogombana na watunzi. Mwanafunzi aliyesoma kidogo, akafuta jibu moja kwa uhakika, amebaki na matatu: nafasi yake ni theluthi, faida sifuri. Ujuzi wake haulipwi hata senti. Wangekata theluthi ya alama, mahali pa kutoka sare pangekuwa robo. Wa bahati tupu asingepata kitu kwa wastani, na aliyefuta jibu moja angepata wastani wa moja ya tisa ya alama kwa kila swali. Penye majibu manne, mimi naona hiyo ndiyo adhabu ya haki. SAT, mtihani wa kuingia vyuo vya Marekani, ilikata robo kwa majibu matano, hesabu ileile, hadi ilipoacha kukata mwaka 2016.

Ila hesabu hii ni ya wastani tu. Angekuwa na uhakika wa maswali 24 peke yake, hiyo ni asilimia 40, na kuacha mengine wazi ni kufeli kwa hakika. Hapo hata mimi ningebahatisha machache, nikijua kwamba huenda yakanishusha zaidi, kwa sababu aliyefeli kwa 40 na aliyefeli kwa 37 wanapanda basi moja kurudi Arua.