Kutenganisha ukweli, uamuzi na maoni: hukumu ya Mwanza ya 1990

"Tumeambiwa uchambuzi wa kesi uwe na sehemu tatu: ukweli wa kesi, uamuzi wa mahakama, halafu maoni yako. Je, nikitenganisha hivyo si nitakuwa nimenakili hukumu kurasa nzima kabla sijasema la kwangu?"

Inategemea unatenganisha nini. Tuchukue kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa na Jaji Mwalusanya katika Mahakama Kuu, Mwanza, Februari 1990. Ni hukumu fupi, tena wengi wanadhani wanaijua, na hapo ndipo makosa yanapoanzia.

Ukweli wake unatosha aya moja. Mwanamke wa Kihaya alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Uzee ulipomfika, hana wa kumtunza, Agosti 1988 akaiuza kwa mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Ndugu wa ukoo akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo akitaka mauzo yabatilishwe, kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Akashinda huko, akashindwa Mahakama ya Wilaya ya Muleba, akakata rufaa Mwanza.

Wengi huandika hapo kwamba "mjane alinyanyaswa na mila kandamizi". Hukumu inamtaja kama binti aliyerithi kwa baba, na neno "kandamizi" ni maoni yaliyojipenyeza mapema. Kipimo chepesi: wakili wa upande ulioshindwa akisoma aya yako ya ukweli, angeikubali? Kama angeikataa, kuna hoja yako imejificha humo.

Wanaopinga mgawanyo huu wana jambo. Kuchagua ukweli gani uandikwe tayari ni kuamua. Nikiacha wosia, kesi inaonekana ya mila tupu. Nikiuweka, msomaji ataanza kuuliza wosia una nguvu gani mbele ya mila. Ni kweli, ila dawa yake si kuchanganya. Andika sehemu ya uamuzi kwanza, kisha rudi kwenye ukweli ufute kila kisichoguswa na uamuzi wala na hoja yako. Kunakili kurasa nzima kunaishia hapo.

Sehemu ya uamuzi ndiyo ngumu, na sentensi maarufu mitaani ni hii: "Mahakama ilifuta mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo." Jaji hakufanya hivyo. Aliona kanuni ya 20 ya Kanuni za Urithi, katika Tangazo la Sheria za Mila la 1963, inabagua kinyume cha Katiba. Kisha akatumia kifungu cha 5(1) cha Sheria Na. 16 ya 1984, kinachotaka sheria za zamani zisomwe kwa marekebisho yatakayozioanisha na Katiba. Basi kanuni ilisomwa upya bila kufutwa: wanaume na wanawake wana haki sawa ya kurithi na kuuza. Na kuna la tatu ambalo husahauliwa karibu kila mara: mrufani alipewa miezi sita aikomboe ardhi kwa kulipa zile 300,000, akishindwa iwe mali ya mnunuzi. Haki ya ukoo kukomboa ilibaki, sasa ikiwahusu wauzaji wa jinsia zote.

Ukiandika "ilifuta", maoni yako yatakosa pa kusimama, maana ukosoaji mzito unatoka palepale. Kusoma upya kulimpa muuzaji ushindi siku hiyohiyo, na huo ndio upande wa nguvu wa hukumu. Lakini maandishi ya kanuni yalibaki kama yalivyo, na mahakama nyingine ingeweza kuyashika. Mwaka 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, katika shauri la wajane wawili kutoka Shinyanga, ilikiri kwamba kanuni za mila za urithi zinabagua lakini ikakataa kuzibatilisha. Hoja ya pili ni ya Katiba yenyewe: neno "jinsia" liliongezwa kwenye tafsiri ya ubaguzi, ibara ya 13(5), mwaka 2000. Mwaka 1990 halikuwamo, hivyo mchambuzi aulize jaji alisimamia maneno gani, na mikataba ya kimataifa aliyoitaja ilibeba uzito kiasi gani.

Kwa uchambuzi wa maneno 1,500, ukweli usizidi 250 na uamuzi 350. Yaliyobaki ni yako. Na kila aya ya maoni ianze kwa kutaja sehemu ya uamuzi inayoishambulia au kuitetea. Aya isiyoweza kufanya hivyo, kwa mfano ile ndefu kuhusu historia ya ukoo Kagera, huwa imetoka kwenye insha nyingine.