Nusukipenyo au muda: kosa la gurudumu limekaa wapi?

"Shikamoo mwalimu. Huku Lindi tumefanya jaribio la gurudumu la baiskeli, tukapata mchapuko wa mzunguko 3.05 rad/s². Mwenzangu anajumlisha asilimia za makosa moja kwa moja, anapata 5.9. Mimi nazijumlisha kwa vipeo vya pili, napata 4.3. Nani yuko sahihi? Na tukirudia, tuanze kurekebisha muda au nusukipenyo?"

Marahaba. Nimepitia daftari lenu na picha mliyonitumia. Gurudumu limefungwa ukutani, kamba ya katani imezungushwa kwenye habu, na mwisho wa kamba unaning'inia mzigo wa kilo tatu unaoshuka sentimita 80 kutoka hali ya kutulia. Kanuni mliyotumia, ambamo α ni mchapuko wa mzunguko, h ni kimo mzigo unachoshuka, r ni nusukipenyo cha habu na t ni muda wa kushuka, ni hii:

α = 2h / (r t²)

Nianze na ubishi wenu. Kipenyo cha habu mlikipima kwa rula, sentimita 2.5, kikiwa na shaka ya milimita moja. Hiyo ni asilimia 4, na nusukipenyo hurithi asilimia hiyohiyo. Muda mliupima mara tano: 6.42, 6.58, 6.31, 6.49 na 6.60. Wastani ni sekunde 6.48, na shaka ya wastani huo ni kama 0.05, yaani asilimia 0.8. Kwa kuwa muda umo kwenye kanuni kwa kipeo cha pili, asilimia yake inazidishwa kwa 2 na kuwa 1.6. Wapo wanaozidisha kwa kipeuo cha pili cha 2, wakidhani t² ni vipimo viwili vilivyokutana. Si hivyo. Ni kipimo kimoja kinachojizidisha chenyewe, kwa hiyo kikikosea juu, pande zote mbili zinakosea juu pamoja. Kimo kina robo asilimia tu, hakitusumbui.

Mwenzako anajumlisha 4, 1.6 na 0.25, naye anajibu swali la "hali ikiwa mbaya kabisa, tutakuwa tumekosea kiasi gani?" Njia yake ina haki pale ambapo makosa yanaweza kuwa na chanzo kimoja na kuvutana upande mmoja. Wewe unachukua kipeuo cha pili cha jumla ya vipeo vya pili, ukichukulia kwamba rula na stopwochi hazijui habari za mwenzake, hivyo si kawaida zote mbili kukosea kwa ukomo wake na kwa mwelekeo mmoja. Kwa jaribio hili rula na stopwochi kweli ni vitu viwili mbalimbali, kwa hiyo nakuunga mkono wewe: 3.05 ± 0.13. Yeye angeandika 3.05 ± 0.18.

Lakini tazama tena picha yenu. Kamba ile ya katani ni nene, milimita 3 hivi. Mzigo hauvuti kwenye uso wa chuma. Mvuto unapita katikati ya unene wa kamba, kwa hiyo nusukipenyo kinachofanya kazi ni cha habu pamoja na nusu ya unene wa kamba. Niliwaomba mpime habu upya kwa kalipa ya vernia, mkapata milimita 24.6, nusu yake 12.3. Ongeza 1.5 ya kamba, unapata 13.8. Weka hiyo kwenye kanuni: α inakuwa 2.76.

Jibu hilo liko nje ya mipaka yako, na liko nje ya mipaka ya mwenzako pia, kwa sababu mpaka wake wa chini ni 2.87. Mlikuwa mnabishana kuhusu upana wa uzio huku ng'ombe yuko shamba la jirani. Hili ndilo linaloniuma katika namna tunavyofundisha makosa ya vipimo: mwanafunzi anajua kusambaza shaka ya rula kwa ustadi, na hakuna aliyemuuliza rula ile imepima kitu gani. Kanuni ya kusambaza makosa inafanyia kazi shaka uliyoitaja. Ile usiyoitaja haiioni.

Wala msidhani grafu ingewaokoa. Ukichora h dhidi ya t² kwa vimo mbalimbali utapata mstari ulionyooka vizuri kabisa, kwa sababu kosa la nusukipenyo linagawa kila jibu kwa kiasi kilekile. Mstari ungepinda tu kama kamba ingejipanda yenyewe juu ya habu, maana hapo nusukipenyo kingebadilika mzigo ukishuka.

Kuna njia ya kukikamata. Gurudumu lenu lina spoku 36. Weka alama ya chaki kwenye tairi, kisha teremsha mzigo polepole kwa mkono sentimita 80 zilezile, ukihesabu mizunguko. Mkipata mizunguko 9 na spoku 8, hiyo ni mizunguko 9.22. Gawa 0.800 kwa 2π mara 9.22, utapata mita 0.0138. Kama kweli kamba ingekuwa inavutwa kwenye milimita 12.5 mlizoandika, gurudumu lingezunguka zaidi ya mara 10, na mzunguko mzima haupotei machoni pa mtu. Uzuri mwingine ni kwamba ukishajua idadi ya mizunguko n, huhitaji tena nusukipenyo wala kimo:

α = 4πn / t²

Kukosea spoku moja katika mizunguko 9 ni asilimia 0.3 tu. Asilimia 4 ya rula imeondoka bila kununua chombo chochote.

Mngeweza pia kubadili kamba. Huku Mtwara mimi hutumia mshipi wa wavuvi wa Mikindani, ule wa nusu milimita: unabeba kilo tatu bila shida na unene wake unaongeza robo milimita tu kwenye nusukipenyo. Ila mshipi una tabia ya kunyumbuka mzigo ukianza kuvuta, na ule wa zamani hukumbuka mikunjo yake. Katani hainyumbuki hivyo, ila hubonyea ikizungushwa, ndiyo maana unene wake uliopimwa ikiwa huru hauaminiki hadi desimali ya mwisho. Kati ya hizo mbili mimi nachagua mshipi, lakini kuhesabu spoku kunafaa kwa kamba yoyote.

Nusukipenyo kikishatoka njiani, muda ndio unabaki kuwa kosa kubwa: asilimia 1.6, sawa na 2.76 ± 0.05. Hapo kurudia mara 20 badala ya 5 kutapunguza shaka hiyo kwa nusu, lakini kwa ule mtawanyiko wa bahati tu. Kama aliyeshika stopwochi huchelewa kuizima kwa sekunde 0.2 kila mara, wastani wa mara 20 nao utachelewa 0.2, na α itapungua kwa asilimia 6. Kwa hilo, teremsheni mzigo kwa sentimita 20, 40, 60 na 80, mara tano kila kimo, mchore t dhidi ya kipeuo cha pili cha h. Mstari unatakiwa upite kwenye sifuri. Ukikata mhimili wa muda karibu na 0.2, huo ndio ucheleweshaji wa kidole chake. Kisha mpe mwingine stopwochi, mrudie sentimita 80, mwone kama wastani unahama.