Komisheni ama kiti: tangazo moja la saluni Roysambu na hesabu zake

"Natafuta msusi mwenye uzoefu, saluni iko Roysambu. Ajue breidi, mistari, blodrai na ritachi. Komisheni ni asilimia 40, bidhaa ni zangu. Ama ukodi kiti 2,500 kwa wiki uje na vitu vyako. Wiki ya kwanza ni majaribio, nakupa nauli na lanchi tu. Tunafungua saa mbili asubuhi tunafunga saa mbili usiku, Jumatatu ofu. Pesa yote inaingia tili ya saluni, tunapiga hesabu Jumamosi. Ukichelewa ni 200. Hii ni kwa wote, wa kiti na wa komisheni."

Nianze na hiyo 40, maana mtu akiiona anaskia kama anaibiwa, mikono ni yake, mgongo unaouma ni wake, halafu 60 inaenda kwa bosi. Lakini hiyo 60 yote si faida. Humo ndani kuna renti, kuna tokeni za stima na blodraya zinakula tokeni vibaya sana, kuna maji, leseni ya kaunti, shampuu, kemikali, jeli, na yule dada wa kuosha vichwa na kufagia naye analipwa. Na kuna kitu ingine haiandikwangi kwa tangazo, nayo ni mlango. Saluni iko karibu na steji watu wanaingia tu bila kuitwa, mtu ametoka kazi ameona kuna nafasi amekaa, na huyo kastoma wa kuingia tu ndiye unanunua na hiyo 60 yako.

Kiti ni biashara tofauti kabisa, na hapa ndio wasusi wengi wanapotea kwa hesabu. Tuseme kuna dada anahama kutoka saluni ingine na ako na wateja wake wa simu, wale wa kumuuliza siku hizi uko wapi, na hao kwa wiki wanamletea kazi ya 5,000. Akikaa hapo Roysambu na apewe pia wale wa kuingia, kazi yake kwa wiki inafika 14,000. Kwa komisheni anaenda nyumbani na 5,600 na hajanunua hata chanuo. Sasa anaangalia kiti, anafikiria 14,000 nitoe 2,500 ya kiti, nitoe na bidhaa tuseme asilimia 15 ambayo ni 2,100, nabaki na 9,400, si hapo nimeshinda. Hajashinda. Wa kuingia wanagawiwa wale wa komisheni kwanza, na ukiwa wewe ni bosi ungefanya hivyo hivyo, kwa sababu kastoma wa 3,000 akikaa kwa msusi wa komisheni saluni inabaki na 1,800 ya kulipa mabili, akikaa kwa mtu wa kiti saluni haipati hata bob juu ya ile 2,500 ingelipwa tu. Kwa hivyo dada wetu akichukua kiti anabaki na wale wake wa 5,000, anatoa kiti, anatoa 750 ya bidhaa, anaenda na 1,750 kwa wiki nzima. Hiyo ni nauli na unga.

Ndio maana mi sioni swali la maana likiwa ni asilimia ngapi. Swali ni wewe binafsi, bila huo mlango, simu yako inaleta pesa ngapi kwa wiki. Kwa bei za hilo tangazo, na kazi yote ya komisheni ikibaki ile 14,000 kwa wiki, mtu anahitaji wateja wake mwenyewe wa kama 9,500 ndio kiti kilingane na ile 5,600 ya komisheni. Chini ya hapo kiti ni hasara hata kama kinakaa heshima, juu ya hapo kila kichwa kinachoongezeka ni chako karibu chote na komisheni ndio inaanza kukuumiza. Na usihesabu wiki moja nzuri ya mwisho wa mwezi, chukua hata miezi mitatu, uweke na Januari ndani. Disemba watu wanasukwa hadi usiku wa manane kila mtu anaenda ushago, Januari ni karo na uniform na hakuna mtu anafikiria breidi, lakini kiti bado ni 2,500. Kwa komisheni hiyo njaa ya Januari mnaila pamoja na bosi, kwa kiti unaila peke yako.

Upande wa bosi pia nao uangaliwe vizuri kwa sababu watu wanamuonanga kama mwenye tamaa tu. Kiti kimoja kinampa kama 10,000 kwa mwezi, mvua inyeshe isinyeshe, na landilodi hataki stori. Msusi wa komisheni mwenye kazi ya 14,000 anamuachia 8,400 kwa wiki, atoe bidhaa 2,100 abaki na 6,300, hiyo ni mara mbili na zaidi ya ile 2,500 ya kiti kwa wiki, lakini msusi akiamka mgonjwa ama ahame Alhamisi bila kusema, inakuwa sifuri. Kwa hivyo kuweka viti viwili vya kukodi na vingine vya komisheni ni akili, mi sina shida nayo.

Shida yangu ya kwanza ni mahali 40 inapigiwa, tangazo limenyamaza. Chukua breidi za 3,000 ambapo saluni ndio imetoa uzi, paketi tano za 100, hapo ni 500. Asilimia 40 ya 3,000 ni 1,200. Ukitoa uzi kwanza ni asilimia 40 ya 2,500, yaani 1,000. Mia mbili kwa kichwa kimoja, na kama mlishika hicho kichwa wawili ndio kiishe haraka, mnagawana, kila mtu 600 ama 500. Kutoa uzi kwanza mi naona ni haki kabisa, uzi si kazi ya mtu, ni kitu bosi amenunua dukani na pesa yake. Lakini jeli na shampuu na kemikali zisitolewe tena juu, kwa sababu ameshasema bidhaa ni zake na ndio sababu anabaki na 60. Utajua mambo si sawa Jumamosi ya kwanza, uone kama hesabu inakuja na orodha ya vichwa ama inakuja namba moja tu. Andika vyako kwa simu kila siku, kichwa, bei, nani alisaidia, uzi wa nani. Bosi mwenye daftari yake hatakasirika, mtalinganisha tu dakika tano muachane.

Shida ya pili ni kubwa kuliko hiyo, ni lile neno la mwisho, "kwa wote". Mtu amekodi kiti, amelipa, ameleta blodraya yake, halafu bado pesa ya wateja wake inaingia tili ya mwingine anangoja Jumamosi, na akichelewa kufika kwa biashara yake mwenyewe anapigwa faini ya 200. Hapo bosi anataka mpangaji siku ya renti na mfanyakazi siku zingine zote. Naelewa hofu yake, ameona wasusi wakichukua namba za wateja wa saluni wakafungua yao jengo la pili, na tili moja inamuonyesha nani analipa nini. Lakini hofu hiyo inaenda na komisheni. Wa kiti awe na tili yake, bei zake na saa zake, wateja wa simu yake waende naye akihama. Wa komisheni akubali tili ya saluni, wale wa mlango wabaki wa saluni. Na si ubishi wa heshima tu, mkikosana mfike kwa ofisi ya leba ama kortini, kuandika "kukodi kiti" peke yake haimalizi kesi, wanaangalia nani alikuwa anapanga saa na kushika pesa, na bosi anaweza jikuta ni mwajiri bila kupenda. Hata hiyo faini, sheria ya ajira ya 2007 imetaja ni makato gani yanaruhusiwa kwa mshahara, si kila kitu bosi ameamua.

Sasa wiki ya majaribio. Kumjaribu mtu ni lazima, hapo niko na bosi. Msusi anaweza kuwa na picha safi kwa simu na si zake. Unataka uone kama njia za kichwa zimenyooka, kama anavuta nywele za mbele mpaka mtu anatoka na vipele kwa paji la uso, kama akipaka ritachi anaangalia saa na anaweka mafuta pembeni ama anangoja mteja aseme inachoma. Lakini hayo yote unayaona siku moja. Mpe mistari ya kichwa kimoja, ritachi moja ukiwa umesimama nyuma yake, blodrai moja, jioni unajua. Kitu inahitaji wiki ni tabia, kuamka mapema, jinsi anaongea na mteja amekataa kulipa, na hiyo ni haki ya bosi pia.

Lakini wakati huo mteja amelipa. Amekaa kwa kiti, ametoa 3,000, pesa iko kwa tili, na aliyesuka amepewa nauli na chapati madondo. Sheria hiyo hiyo ya 2007 inaruhusu majaribio hata miezi 6, na inayahesabu kama kazi, yaani mkataba wa kuandika, malipo, na kuachana kwa notisi ya siku 7 ama malipo ya siku hizo. Hakuna mahali imesema kujaribiwa ni bure. Suluhisho hata si ghali, siku moja ya kuonyesha mkono bila pesa kwa kichwa cha rafiki ama dada wa saluni, halafu hizo siku zingine komisheni ya kawaida kwa kila kichwa kilicholipiwa. Msusi akiwa mbaya hatakuwa na vichwa vingi, bosi hapotezi kitu. Mwenye kukataa hata hiyo, uliza polepole kwa yule wa kiti cha pili wangapi wamepitia hapo kwa majaribio na wangapi walibaki. Ukiona tangazo linarudi kila mwezi na wiki ya bure huangukia mwisho wa mwezi ama karibu na Krismasi, hapo hakuna nafasi ya kazi, kuna mikono ya bure inazungushwa.

Ningekuwa huyo dada wa 5,000 ningechukua komisheni bila kufikiria mara mbili, nimwandikie bosi WhatsApp, bosi naomba kuelewa, 40 ni baada ya kutoa uzi peke yake, majaribio nilipwe kwa kichwa, na wateja wangu wa simu wakifika 9,500 kwa wiki tuongee upya mambo ya kiti, na nikiingia kiti tili ni yangu. Akijibu sawa, screenshoti, kesho saa mbili niko mlangoni.