Siku Niliyonawa Fedha

Kwa siku kumi na moja nilitembea Dodoma nzima na alama ya vidole vinne vyeusi kwenye shavu la kushoto. Nilipanda nazo daladala, nilikwenda nazo kanisani, na Jumamosi moja nilisimama nazo sokoni Majengo nikibishana bei ya nyanya na mama mmoja ambaye aliishia kunipunguzia bila kuombwa mara ya pili. Nadhani alinionea huruma. Kila aliyeniona aliamini kitu kimoja: mwalimu kapigwa kofi nyumbani.

Nimefundisha kemia muda mrefu. Kila Januari, wanafunzi wapya wa kidato cha kwanza wakishazoea kengele na foleni ya uji, mimi ndiye ninayepewa dakika ishirini za kuwaeleza habari za lebo za kemikali kabla hawajagusa chochote maabara. Hotuba hiyo ninaijua kama Baba Yetu. Na nakiri kwamba naipenda kupita kiasi.

Mwaka huu nilianza kwa kushika juu kopo dogo la silva naitreti. Nililichagua kwa sababu lebo yake ina michoro mitatu kwa mpigo, kila mmoja ndani ya umbo la uru la kwenye karata, limesimama kwa ncha, mpaka mwekundu, ndani meupe. Hiyo ndiyo michoro ya mfumo wa Umoja wa Mataifa, ule uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003 ili mtu wa Dodoma na mtu wa Osaka waogope kitu kilekile. Bado tunazo chupa chache za zamani zenye mraba wa rangi ya chungwa, kwa hiyo ninawaonyesha zote mbili.

"Huu wa kwanza ni nini?" nikauliza. Mchoro wenyewe ni ndimi za moto juu ya duara.

"Mpira unaungua, mwalimu."

Nikacheka, nikawaeleza kwamba moto peke yake maana yake kitu hicho kinawaka, lakini moto juu ya duara maana yake kitu hicho kinachochea: chenyewe huenda kisiwake, ila kinaupa moto wa jirani hewa ya kuula, na moto mdogo unakuwa mkubwa. Ndiyo maana kopo hilo halikai rafu moja na spiriti. Mchoro wa pili, mti mkavu na samaki aliyekufa, waliupata wenyewe bila shida: usimwage ovyo, utaua viumbe vya majini.

Wa tatu unaonyesha mirija miwili inayomimina kimiminika, mmoja juu ya kipande cha chuma, mwingine juu ya kiganja cha mkono, na pale kinapoangukia pamelika. Mtoto mmoja wa mbele, mdogo wa umbo, sauti kama filimbi, akanyoosha kidole.

"Mwalimu, hapo kuna mtu ananawa mikono."

Darasa likaanguka kicheko, na mimi nikacheka kuliko wao. Nilimsimamisha, nikamwambia, kwa mbwembwe zote, kwamba siku akimwona mtu ananawa kwa kitu chenye mchoro ule aje aniite, maana mtu huyo ngozi itamtoka. Nikawaonyesha na neno lililoandikwa kwa herufi nene pembeni ya michoro. Lebo hizi zina maneno mawili tu ya namna hiyo: moja lina maana ya onyo, jingine, zito zaidi, lina maana ya hatari. La kopo letu lilikuwa hatari. Chini yake kuna sentensi fupi zinazosema hatari gani hasa, na hapo ilisema wazi: inaunguza vibaya ngozi na kuharibu macho. "Mchoro unakuita," nikawaambia, "sentensi ndiyo inayokueleza." Wakaandika.

Sasa hapa lazima nirudi nyuma hadi jana yake jioni.

Jana yake nilikuwa nimetengeneza mililita 250 za silva naitreti kwa ajili ya kidato cha nne, wanaoitumia kupima kloraidi, ile iliyomo kwenye chumvi. Ni gramu 4.25 za zile chembechembe nyeupe, ukiziyeyusha kwenye maji safi unapata myeyusho wa 0.1 M, usio na rangi, mwangavu, usio na harufu, huwezi kuutofautisha na maji hata uangalie kwa darubini. Dawa hii haipendi mwanga, kwa hiyo inatakiwa chupa ya kioo cha kahawia. Chupa zangu zote za kahawia zilikuwa na kazi. Nikachukua chupa tupu ya plastiki ya maji ya dukani, nikaisuuza, nikabandua lebo yake ili niandike yangu, nikashika kalamu ya maka. Imekauka. Nikasema nitaandika kesho, nikaifungia kabatini kwenye giza.

Katika kabati hilohilo, rafu hiyohiyo, ndipo ninapoweka maji yangu ya kunywa.

Tuendelee. Nilikuwa nimefika sehemu ninayoipenda kuliko zote, ya nini ufanye kemikali ikikumwagikia: osha papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, si kuchovya kidole na kukipangusa kwenye sketi. Nikafungua bomba kuwaonyesha. Bomba likakohoa, likatoa hewa, likanyamaza. Aliyeishi Dodoma hashangai. Mikono yangu imejaa chaki, jasho linanitiririka, darasa zima linanitazama.

"Wewe, kimbia kabatini, kuna chupa ya maji."

Mtoto akaleta chupa ya kwanza aliyoikuta. Mimi, mtu niliyetoka kusema dakika tano zilizopita kwamba chupa isiyo na lebo haiguswi hata kama mwenye nayo ni babako, nikaifungua, nikamimina kiganjani, nikanawa mikono yote miwili kwa madaha. "Hivi! Mpaka kwenye viwiko!" Halafu, kwa sababu ya joto, nikafumba macho, nikajipiga maji usoni, nikabandika kiganja kilicholowa kwenye shavu na kukiacha hapo kidogo, kama watu wa matangazo ya manukato.

Ishara zilikuwapo. Yale maji yaliyodondoka kutoka mikononi kwangu yalikuwa meupe kama ya mchele uliooshwa. Nikasema moyoni ni chaki. Mdomoni nilihisi ladha kama nimelamba sarafu. Nikasema ni bomba, na bomba halikuwa limetoa hata tone. Mtu akishaamua kwamba kitu ni maji, atakitafutia kila udhuru kiendelee kuwa maji.

Baada ya hapo nikawatoa nje kuwazungusha shuleni: bustani ya miche, shimo la taka za maabara, mahali pa kukusanyika moto ukizuka. Dakika arobaini hivi. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, mawingu yameondoka, na jua la Dodoma baada ya mvua linapiga kama linadai deni.

Saa nne na nusu nikaingia chumba cha walimu kunywa chai. Mwalimu wa hesabu akaniangalia, akaweka andazi chini.

"Mwalimu, kwema nyumbani?"

"Kwema."

"Shemeji hajambo?"

"Hajambo sana. Kwani vipi?"

Akatazama pembeni. Mwalimu wa historia, dada mmoja asiyezunguka, akafungua pochi, akanipa kioo. Shavuni palikuwa na kiganja. Vidole vinne na sehemu ya dole gumba, rangi ya kahawia iliyokolea, na kila nilivyotazama naapa kilizidi kuiva. Nikageuza mikono yangu. Viganja vilikuwa na mabaka kama vya fundi gereji.

Nikakimbia maabara. Chupa mbili kabatini, moja imepungua. Nikatia chumvi kidogo kwenye testi tyubu ya maji, nikadondoshea matone mawili kutoka kwenye ile iliyopungua. Papo hapo yakaganda meupe kama mtindi. Nikaiweka dirishani penye mwanga, na baada ya muda ule weupe ukaanza kuwa wa kijivu unaoelekea zambarau. Kidato cha nne hupata alama kwa jibu hilo. Chupa ya pili, matone mawili: kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa maji. Na yale meupe ya asubuhi hayakuwa chaki, yalikuwa chumvi ya jasho langu mwenyewe ikinipa jibu la jaribio mbele ya mashahidi hamsini.

Nikakaa kwenye kigoda, miguu haina nguvu. Kilichonitisha si shavu. Myeyusho ule ulikuwa hafifu. Ni zile chembechembe zenyewe na myeyusho mzito ndivyo vinavyounguza, hata madaktari huzitumia kuchomea chunjua. Lakini nilikuwa nimefumba macho kwa bahati tu. Na kiu ilikuwa imenishika tangu asubuhi.

Nikaosha kwa ndoo mbili. Haikutoka. Mke wangu jioni akajaribu sabuni ya mche, ndimu, mwisho dodoki, mpaka shavu la pili nalo likawa jekundu kwa wivu. Nikamweleza kwamba hilo si doa la juu. Silva naitreti inaingia kwenye ngozi, mwanga unaigeuza kuwa silva yenyewe, vipunje vidogo sana vinavyoonekana vyeusi, na sabuni haina ugomvi na chuma. Ni kazi ileile iliyokuwa ikifanyika kwenye filamu za kamera za zamani: jua lilinipiga picha. Lazima ngozi ya juu ichakae na kubanduka, wiki moja au mbili.

"Silva si ndiyo fedha?" akauliza.

"Ndiyo fedha."

"Yaani mimi nikikuomba fedha huna, halafu unakwenda kunawia."

Halafu akakumbuka lililo kubwa zaidi, akaacha kucheka. "Na majirani watasema ni mimi." Walisema. Siku ya tatu mwenyekiti wa mtaa alipita kutusalimia, akakaa sana kuliko kawaida, akazungumzia uvumilivu katika ndoa.

Wiki iliyofuata niliingia kidato cha kwanza na chupa ya kahawia, lebo nimeiandika upya: jina la kemikali, ukali wake, tarehe, jina langu, na mchoro wa uru mwekundu niliouchora kwa rula. Nikawaambia yote, kuanzia maka iliyokauka. Wakasikiliza kimya, macho yote shavuni. Nikauliza kama kuna swali.

Yule mdogo wa mbele akasimama, akaelekeza kidole kwenye ule mkono wa kwenye lebo.

"Mwalimu, ulisema nikimwona nije nikuite. Sasa nimwite nani?"