Kijumbe alipomchora mdaiwa wake

Naona kuna mtu ameshasambaza kwenye magrupu kwamba nimemchora bosi akiwa uchi. Wapendwa, si kweli. Alikuwa amevaa msuli na singlendi. Tumbo ndilo nililolitendea haki kidogo, lakini nguo alikuwa nazo.

Wenye haraka mtanisamehe, hii lazima niieleze kwa mpangilio wake. Ofisini tunatengeneza programu ya simu ya vijumbe, wale wanaokusanya michango ya mchezo na kumkabidhi mwenye zamu. Kazi yangu mimi ni kupokea simu za wateja, lakini kikaoni niliitwa kwa sababu mimi ndiye kijumbe wa mchezo wa hapo ofisini. Swali la siku lilikuwa moja: mwanachama akichelewa kulipa, kijumbe amdai vipi bila kugombana naye?

Mwezeshaji akatuambia tukunje karatasi ya A4 katikati mara tatu. Ukiikunjua unapata visanduku vinane. Kila kisanduku wazo moja, kila wazo dakika moja, saa inalia, unahamia kinachofuata hata kama ulichokiacha hakina kichwa wala miguu. Na unachorea makapeni, si kalamu ya wino, ili usipate nafasi ya kuremba. Akasema mawazo matatu ya kwanza huwa ni yale ambayo kila mtu kaja nayo kichwani kutoka nyumbani. Yakiisha hayo ndipo akili inapolazimika kutafuta kwingine, na dakika moja haitoshi mtu kujionea aibu.

Mimi ni ushahidi. Cha kwanza nilichora ujumbe wa kumkumbusha mdaiwa. Cha pili, ujumbe wenye kengele. Cha tatu, ujumbe wenye kengele kubwa zaidi. Cha nne orodha ya vema, kama daftari langu lilivyo. Cha tano kilikuwa na maana: picha ya mwenye zamu ya kupokea, ili mdaiwa ajue anamkwamisha nani. Cha sita ni simu isiyokamilika, mpaka leo sijui ilitaka kufanya nini.

Cha saba kikanikuta mtupu. Sekunde zinakwenda, mkono umeganda, nikachora tu ninachokijua: kijumbe mlangoni, mtoto anamwambia, "Baba kasema hayupo," na nyuma ya mlango baba mwenyewe kajibanza na msuli wake. Ili aonekane ni mtu mzima nikampa miwani, na miwani nikaiweka kwenye paji la uso. Wapendwa, pale kwetu kuna mtu mmoja tu anayepandisha miwani kwenye paji la uso kisha akaitafuta ofisi nzima. Cha nane nikachora kitufe kimeandikwa "Sipo, njoo Ijumaa". Saa ikalia.

Sasa, wale wa Google Ventures, kampuni ya uwekezaji ya Google, walioueneza utaratibu huu hawaitundiki karatasi ya namna hiyo. Hiyo ni yako, ya kunolea akili. Unachagua wazo moja, unalichora upya taratibu na kwa usafi, bila jina, na hilo ndilo linalokwenda ukutani. Lakini chai ilichelewa, muda ukatuishia, mwezeshaji akasema tutundike zilezile. Akaanza kuzibandika kwa selotepu kwenye kioo kinachotenganisha chumba cha kikao na korido.

Kupiga kura nako kuna masharti yake. Hakuna kuongea. Mchoraji haruhusiwi kueleza wala kutetea, kwa sababu mwenye maneno matamu angebeba kura zote kwa mdomo. Kila mtu ana stika tatu ndogo za duara, anabandika pembeni ya kilichomvutia. Bosi anapewa kubwa mbili za njano, anabandika mwisho, na yake ndiyo uamuzi.

Stika ya kwanza ikatua kwenye kisanduku changu cha saba. Nikajisikia vizuri, jamani. Ikaja ya pili. Stika ni kama nzi, penye moja huja nyingine. Nikaona mabega ya mhasibu yanatikisika. Jirani yangu wa meza akatazama mchoro, akamtazama bosi, akaziba mdomo kwa daftari. Hapo ndipo na mimi nikaiona ile miwani.

Ningeitoa vipi? Kuongea marufuku. Nikasogea mdogo mdogo kwenye kioo kama mtu anayesoma kwa makini, nikidhamiria kufunika kile kisanduku kwa bega. Nilipofika ndipo nikaona watu wamesimama korido. Karani, mlinzi, na yule dada wa chai na birika lake mkononi. Wanasoma. Nikajiuliza wanasoma nini, maana upande wao ni mgongo wa karatasi.

Mgongo wa karatasi!

Makaratasi tuliyoyakunja yalikuwa yale yaliyochapwa upande mmoja, yaliyorundikwa pembeni ya printa ili yasipotee bure. Langu nilikuwa nimelitoa mezani kwangu. Upande wa pili ilikuwa orodha ya mchezo wetu, majina kwa herufi kubwa, vema kwa kila aliyelipa. Mstari mmoja ulikuwa na nafasi mbili tupu. Kijumbe huwa hatangazi mdaiwa, ndiyo heshima yake yote, na mimi nilikuwa nimemtangaza pande zote mbili za kioo: huku kwa picha, kule kwa maandishi.

Dada wa chai akanyanyua kidole, akafuata ule mstari kutoka kwenye jina mpaka kwenye nafasi tupu, taratibu kabisa, kama anamfundisha mtoto kusoma. Bosi akakiona kile kidole kutoka ndani. Akazunguka, akafungua mlango, akatoka korido, akasoma. Akarudi. Akasimama mbele ya kisanduku cha saba. Akashusha miwani kutoka kwenye paji la uso ili aone vizuri. Chumba kizima kimya, kwa mujibu wa masharti.

Akabandika stika zake zote mbili za njano. Si kwenye cha saba. Kwenye cha nane, kile kitufe.

Yaliyofuata nayapitisha haraka maana bado uso unawaka. Simu yangu iliita mlio wa pesa kabla hatujakaa, mizunguko yote miwili na faini juu. Mwezeshaji akamwuliza kila mtu stika yake aliipa nini. Mhasibu akasema yeye alilipigia kura tumbo. Ikabidi kura za kicheko zitolewe. Halafu ikaonekana kwamba wazo la ujumbe wa kumkumbusha, lililochorwa na karibu kila mtu, kura zake zilitawanyika moja moja kwenye karatasi tofauti likaonekana limeshindwa, kumbe ukizijumlisha lilikuwa mbele. Inatakiwa michoro inayofanana ibandikwe pamoja kabla ya stika ya kwanza, nasi tulirukia tu. Uamuzi wa bosi ukabaki palepale: mdaiwa ataje mwenyewe siku ya kulipa, na ujumbe umfuate siku hiyo tu, si kila jioni.

Leo asubuhi mwandishi wa programu kaleta toleo la kujaribu. Kwa sasa siku ya kuchagua ni moja tu, Ijumaa, kama nilivyochora. Karani kabonyeza, na leo ni Ijumaa, simu ikamjibu: "Asante, tutakukumbusha leo." Akakumbushwa papo hapo. Akabonyeza tena. Nilipotoka walikuwa kwenye ujumbe wa sita.